Barua Niliyoipaka Plastiki

Nina saiba Voi, mlango wa tatu kutoka duka la mbolea. Kompyuta ni nne, moja yao mgonjwa wa kudumu. Watu hudhani kazi ya saiba ni kompyuta, lakini kazi yenyewe ni watu wasiotaka ionekane kwamba hawajui. Mtu mzima anaingia, anajifuta jasho, anakaa kando yangu badala ya kukaa mbele ya mashine, na kusema kwa sauti ya chini, "Nifanyie tu wewe." Nami namfanyia. Namfungulia anwani ya barua pepe, namtungia paswadi, naiandika kwenye daftari langu kubwa la jalada jeusi, kwa maana najua ataisahau kabla hajafika stendi.

Daftari hilo lina paswadi za nusu ya watu ninaowajua. Nilikuwa nikilionea fahari. Siku hizi nikilitazama naona haya.

Nataka kusimulia habari ya mdogo wangu wa kike, na nitaisimulia nilivyo, mtu wa hasira. Atakayetaka mtu mpole akatafute saiba nyingine, ziko tele.

Mdogo wangu alikuwa na nafasi Miasenyi, kando ya barabara kuu ya Mombasa. Kwa asiyejua, nafasi ya barabarani haina hatimiliki. Hatimiliki yake ni kuamka. Unaipata kwa kufika kila siku, jua likiwaka au mvua ikinyesha, mpaka wenzako wazoee kuuona mgongo wako mahali hapo. Ukitaka kuondoka, unamkabidhi mtu mbele ya wengine, mnashikana mikono, basi imekwenda. Hujasikia mtu akirudi kudai nafasi aliyoitoa kwa mkono wake. Ya mdogo wangu ilikuwa nzuri kuliko zote, pale malori yanapopunguza mwendo kuingia kituoni. Aliuza matikiti na ndizi mbivu chini ya kibanda cha turubai, na madereva walimjua, wakampigia honi kabla ya kusimama. Alikaa pale miaka kumi na mmoja. Watoto wake wawili walisoma kwa matikiti hayo.

Kila Jumatano alikuja sokoni Voi, na akimaliza alipitia kwangu kunywa maji baridi na kunicheka kwamba nimenenepa kwa kukaa. Jumatano moja hakucheka. Alinionyesha simu yake.

"Dada, hebu ona hii. Imetumwa kwa grupu yetu ya chama. Iko sawa ama ni matapeli tu?"

Ilikuwa tovuti ya kazi za ng'ambo. Kanada, kufungasha matunda. Kulikuwa na bendera, na picha ya wanawake waliovaa aproni za kijani wakicheka na matofaa mikononi. Mshahara ulikuwa umeandikwa, nyumba bure, chakula bure, tikiti ya ndege bure. Kujiandikisha bure. Chini kulikuwa na saa inayohesabu kurudi nyuma: nafasi zinafungwa baada ya siku mbili na masaa kadhaa.

Nilifanya nilichokuwa nikifanya miaka yote. Niliifungua kwenye kompyuta yangu, nikatazama juu kabisa ya ukurasa, penye anwani, nikaona kile kialama cha kufuli. Nikamgeukia kama daktari.

"Iko sawa," nikamwambia. "Unaona hii kufuli? Ikiwa na kufuli, iko salama."

Mungu anisamehe kwa sentensi hiyo. Nilikuwa nimewaambia watu mamia. Kufuli ile inasema kitu kimoja tu, kwamba unachokiandika hakitasomwa njiani kati ya mashine yako na ile tovuti. Haisemi tovuti ni ya nani. Mwizi naye anaweza kuweka kufuli, tena bure, kwa dakika chache. Mimi, mwenye saiba, sikujua, na kwa kuwa hakuna aliyejua kuliko mimi, hakuna aliyenibishia.

Tukajaza fomu. Jina, umri, shule aliyofika, nambari ya kitambulisho. Nikamfungulia barua pepe, nikaandika paswadi kwenye daftari. Ijumaa majibu yakaja: hongera, umechaguliwa. Hakuna aliyempigia simu kumuuliza hata swali moja. Hakuna aliyetaka kujua kama anaweza kusimama saa nane kwa siku, au kama anajua Kiingereza cha kutosha kuelewa onyo ukutani. Mimi nikimwajiri mtu wa kufagia saiba namuuliza maswali kumi. Hao wa kumvusha bahari hawakuuliza lolote, na sisi tukaona ni baraka.

Kisha tovuti ikamfungulia ukurasa wake mwenyewe, wenye jina lake na mstari wa kijani. Hatua ya kwanza kati ya tano. Ili hatua ya pili ifunguke, ada ya faili.

Hapa watu wa miji mikubwa watatucheka: mlilipaje kabla ya kuona chochote? Nitawajibu. Sisi tumefundishwa hivyo na serikali yenyewe. Ukitaka cheti cha tabia njema, ukitaka pasipoti, ukitaka leseni ya kuuza hata sambusa, unaingia kwenye tovuti, unajaza, unaambiwa ulipe kwa simu, unalipa, ndipo hatua inasonga. Nimewalipia watu hivyo kila siku, isipokuwa Jumapili tu. Kwetu malipo ya kwanza ndiyo yanayoonyesha kwamba jambo ni rasmi. Kama ile tovuti isingedai kitu, pengine ndipo tungeshuku. Wale watu walitusoma vizuri kuliko tulivyojisoma.

Lakini kulikuwa na tofauti moja, na niliiona. Ukilipa serikalini, jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha ni la idara. Hapa lilitokea jina la mtu. Jina la kawaida kabisa, la mwanamume, kama la jirani yako.

Mdogo wangu aliliona pia. "Mbona ni mtu?"

"Labda ni mhasibu wao," nikasema.

Hivyo hivyo, bila kusita. Nilikuwa na wateja watatu wananisubiri, na sikutaka kusema sijui.

Akalipa. Mstari wa kijani ukasogea palepale, na sisi wawili tukashangilia. Juma lililofuata ikaja ada ya vipimo vya afya. Nikamuuliza atapimwa wapi, akasema wamemwandikia kwamba watampima akifika, hii ni ya kuhifadhi nafasi, na itarudishwa kwenye mshahara wa kwanza. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akaniambia akicheka, na akainama. Pesa zenyewe sitazitaja. Zilihesabiwa vya kutosha baadaye, na kila ndugu.

Baada ya ada ya pili ikaja barua ya ajira. Niliiprinti kwa rangi, karatasi nzito. Ilikuwa na muhuri mwekundu, sahihi ya buluu, nambari ya kumbukumbu ndefu. Akaishika kwa ncha za vidole.

"Nipakie plastiki, dada. Nataka kupeleka kanisani kwa mama."

Kwetu karatasi ya maana hupakwa plastiki. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, cheti cha ubatizo, vyote tunavilamineti, hata tukiambiwa tusifanye hivyo. Karatasi isiyo na plastiki ni karatasi tu. Nikaiwasha mashine, nikangoja ipate moto, nikaipitisha barua polepole isije ikakunjamana. Ikatoka inang'aa, bado ya moto. Sikumtoza kitu.

Jumapili tulipanda milimani kwa mama. Kanisani mdogo wangu aliitwa mbele, akainua ile barua, na plastiki ikashika mwanga wa dirishani hata waliokaa nyuma wakaiona. Watu wakapiga makofi. Mama, ambaye hupiga makofi kwa nadra, alipiga. Ukachangwa mchango wa kumsaidia ada ya tatu, ya visa, ambayo mwisho wake ulikuwa Ijumaa saa sita mchana, la sivyo nafasi apewe mwingine. Wazee waliuliza swali moja tu, nani ameihakikisha hiyo kazi, na mama akajibu kwa fahari, "Dadake. Yeye ndiye mwenye mashine." Swali likaishia hapo. Mimi nilikuwa nimekaa benchi ya tatu na kichwa kimevimba kwa sifa.

Alhamisi yake, saa tisa hivi, aliingia mzee mmoja wa Mraru. Alikuwa mlinzi katika shamba la katani, miaka yake imepita hamsini, jicho la kushoto limefunikwa na mtoto wa jicho, jeupe kabisa. Yeye pia nilikuwa nimemfungulia barua pepe; alisema anatafuta kazi, nami nikadhani ni ya ulinzi, Mombasa. Akaniomba nimtazamie kama kuna jibu.

Jibu lilikuwepo. Hongera, umechaguliwa, Kanada, kufungasha matunda. Barua ilikuwa imeambatishwa. Nikaifungua. Muhuri ule ule. Sahihi ile ile, na kidoa kile kile cha wino mkiani mwake. Nikafungua barua ya mdogo wangu kando yake, maana paswadi ninayo, nikazitazama pamoja. Nambari ya kumbukumbu ilikuwa moja. Herufi kwa herufi, watu wawili, nambari moja. Kilichobadilika ni jina tu. Na aya ya tatu ilisema mwombaji amefaulu vipimo vyote vya afya, vikiwemo vya macho.

Nikamgeukia mzee na jicho lake.

"Mzee wangu, umepimwa macho wapi?"

"Sijapimwa popote," akasema. "Nimetuma tu ile pesa ya vipimo."

Ndipo nikafanya nililopaswa kufanya siku ya kwanza. Kuna mahali mtandaoni unapoweza kuona anwani ya tovuti iliandikishwa lini. Kampuni ile ilijisifu kuwa na miaka ishirini kazini, anwani yake ilikuwa na majuma saba. Nikatafuta orodha ya mawakala wa ajira wenye leseni, ambayo serikali imeiweka wazi kwa kila mtu. Jina lao halikuwemo. Nikalitafuta shamba la matunda lenyewe, kwa njia yangu, bila kupitia kiungo chao. Shamba lipo kweli. Lina tovuti yake, na ukurasa wa kwanza umeandika onyo kwamba kuna watu wanaotumia jina lake, na kwamba lenyewe halimtozi mwombaji kazi hata senti. Yote hayo yalinichukua dakika kumi na tano. Kuipaka barua plastiki kunachukua tatu.

Nikamwambia mzee, "Usitume kitu kingine. Ni wezi hao." Nilimwambia wazi, kwa upole hata, na nikamrudishia pesa aliyonilipa kumfungulia barua pepe. Akanishukuru, akaenda zake.

Simu yangu ilikuwa mezani. Mdogo wangu alikuwa Miasenyi, umbali wa simu moja. Saa kumi ilikuwa bado haijafika, na ada ya tatu ilikuwa haijatumwa.

Sikupiga.

Nimejiuliza sana kwa nini. Nilijiambia nihakikishe kwanza. Nilijiambia saa hizo malori ni mengi, ana kazi. Uongo mtupu. Nilikuwa naona ile barua ikiinuliwa kanisani, namsikia mama akisema dadake ndiye mwenye mashine, nikaigeuza simu kifudifudi. Kwa mzee wa watu sikuwa na sifa ya kupoteza, ndiyo maana ulimi ulikuwa mwepesi. Nikasema kesho asubuhi. Nikafunga mapema nikaenda kulala na kiburi changu.

Kesho asubuhi, saa tatu kasoro, yeye ndiye aliyepiga.

"Dada! Nimetuma mapema nisichelewe. Na mstari umefika hatua ya tano, yote ni kijani! Na nafasi nimempa yule mama wa mayai, tumeshikana mikono sasa hivi, wote wameona. Nashuka Voi Jumatatu ninunue begi."

Nilisimama na simu sikioni. Nyuma yake nilisikia lori likifunga breki na wanawake wakipaza sauti.

"Hongera," nikamwambia.

Jumatatu tovuti haikufunguka. Ile nambari ya simu ilikuwa imezimwa. Mdogo wangu alikaa kwenye kiti cha wateja, akiupakia ukurasa ule mara kwa mara, na kila mara mashine inamwambia hakuna kitu mahali hapo. Hakulia. Aliniuliza tu kama ni mtandao wangu una shida. Nikamwambia hapana, si mtandao.

Tulikwenda polisi. Askari aliandika kila kitu, akatupa nambari ya ripoti, akauliza, "Mlituma wenyewe?" Tukasema ndiyo. Kampuni ya simu ikatuambia kwamba pesa zilitolewa dakika chache baada ya kufika. Mtu akiwahi kulalamika papo hapo huenda zikazuiwa, wakasema, lakini siku tatu ni nyingi. Mimi nikatazama sakafu. Siku zenyewe nilizijua.

Na pale kituo cha polisi, kwenye benchi, alikuwepo mzee wa Mraru, amekuja kuandikisha ile aliyokuwa ametuma yeye. Akaniona, akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama huyu aliniokoa," akamwambia mdogo wangu. "Alhamisi angeniacha nitume zote. Alifungua barua mbili pale kwa mashine, yangu na ya mama mwingine, akaniambia ni wezi."

Mdogo wangu alimtazama mzee. Kisha akanitazama mimi.

"Alhamisi," akasema.

Mzee alizidi kunishukuru.

Tulitoka tukatembea mpaka stendi. Kabla ya kuondoka akaniuliza jambo moja. "Nilipokupigia Ijumaa, ulikuwa unajua?" Nikamjibu kwamba nilijua. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei na kuikubali, akaenda. Mama alipopata habari alisema maji yakimwagika hayazoleki, akaacha kuniuliza kuhusu mashine. Hata akihitaji kuongezewa salio la simu sasa humwomba mtoto wa jirani.

Nimebandika karatasi ukutani hapa saiba. Nimeandika kwa herufi kubwa: kufuli si ushahidi. Tazama jina linalotokea kabla ya kutuma. Anayekuajiri bila kukuhoji hakuajiri. Visa hulipwa ubalozini au kituo chake, hailipwi kwa simu ya mtu. Wakala wa kweli ana leseni, ana ofisi unayoweza kuingia, ana mkataba unaousoma kabla ya kulipa. Anayekuharakisha anaogopa usiulize. Watu wanasoma, wanatikisa kichwa, halafu wananipa simu: "Na hii je? Hii ni tofauti, ni ya Poland." Nikiwaambia ni wezi, wengine wananuna wanakwenda saiba ya ng'ambo ya barabara, ambako kuna mwenye mashine asiye na maneno mengi. Wananiona nina wivu. Acha wanione. Ningekuwa na wivu huo mapema, mdogo wangu angekuwa kwenye kibanda chake.

Miezi minne sikumwona. Jumatano akija sokoni hakupitia kwangu, nami maji baridi niliendelea kuyaweka kwenye friji kama mjinga. Mwishowe nikaomba lifti kwa pikapu ya duka la mbolea, nikashuka Miasenyi.

Kibanda cha turubai kilikuwepo, mama wa mayai yuko ndani yake, na malori yanampigia honi yeye. Hakuwa na kosa, nikamsalimu. Akanielekeza kwa kidevu, mbali, mwisho kabisa wa safu, pale magari yanapokuwa yameshaongeza mwendo na dereva hana tena nia ya kusimama. Mdogo wangu alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko la makaa, anachoma mahindi. Vumbi lilikuwa limemkaa kwenye nyusi.

Nilichuchumaa upande wa pili wa jiko. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani, yakaniisha.

"Nisamehe," nikasema.

Hakunitazama. Moto ulikuwa unazimika, akanyoosha mkono nyuma yake, akachukua kitu cha kupepea, akapepea mara tatu, nne, mpaka makaa yakawa mekundu. Niliutambua muhuri kabla ya kutambua karatasi. Kona zake zilikuwa zimeungua kidogo na plastiki imekuwa ya manjano kwa moshi, lakini jina lake lilikuwa linasomeka vizuri, na chini yake neno hongera.

Akaigeuza mkononi, akaitazama upande mmoja, akaitazama upande wa pili.

"Pepeo la boksi huchakaa kwa wiki moja," akasema. "Hii ni mwezi wa nne sasa. Ulinipakia vizuri, dada."

Akageuza mahindi, akaendelea kupepea.